Nguzo za sensa zijitokeze moja moja
"Nguzo za chati yangu ya sensa ya Tanzania zinatokea zote kwa mpigo kwenye PowerPoint. Nifanyeje?"

Chagua chati, weka Wipe kwenye Animations, kisha kwenye Effect Options chagua From Bottom na By Category. Ila ndugu, angalia miaka: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012, 2022. Kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14, na nguzo zikipangwa kwa nafasi sawa, watu wataonekana wameongezeka ghafla. Ningetumia mstari: kwenye Format Axis chagua Date axis, kisha Wipe, From Left, sekunde 6. Hapo kila mwaka unapata muda wake.

— Bosi wangu hataki mstari, anataka nguzo tu.

Basi andika "miaka 14" kati ya nguzo hizo mbili, ionekane kabla ya nguzo ya 2002 kupanda.