Vidonda vya tumbo visivyoonekana: maswali yenu kuhusu vijana wanaojinyima chakula

Binti yangu ana miaka 15, kidato cha pili. Ndani ya miezi minne ametoka kilo 58 hadi 47. Anadai vidonda vya tumbo, eti wali na ugali vinamchoma, lakini hospitali hawakuona kitu. Anapenda kutupikia, ila yeye hali. Hedhi imekata. Nifanye nini? (Mama, Morogoro)

Mama, leo hii mkalishe atulie kama dakika tano, kisha weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya 50 naye yu macho, mpeleke hospitali leoleo. Mpeleke leoleo pia akizimia, akiona kizunguzungu kila anaposimama, au akilalamika kwamba moyo unaruka. Mwili ulionyimwa chakula huubana moyo upige polepole, ndiyo maana watoto hawa huwa na mikono ya baridi hata kwenye joto la Morogoro, na huvaa sweta mchana.

Mapigo yakiwa mazuri, bado una mgonjwa: dalili hizi ni za ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa unene, uitwao anoreksia, si za vidonda. Amepoteza karibu moja ya tano ya uzito wake, na hedhi imekatika kwa sababu mwili umezima kila kisichohitajika kumweka hai. Kuhusu kupika, hiyo ni dalili mojawapo iliyo wazi kabisa: mwenye njaa kali huwaza chakula usiku na mchana, hukusanya mapishi, hulisha nyumba nzima, kisha hukaa pembeni akisema alishaonja jikoni. Barua za vidonda vya tumbo napata nyingi. Vidonda vya kweli vipo na vinauma, lakini mwenye navyo hajipimi kwenye mizani kila asubuhi, wala haogopi kijiko cha mafuta.

Rudi hospitali na uzito wa kila mwezi ukiwa umeandikwa kwenye karatasi. Usiseme tu kwamba mtoto hali vizuri. Sema kwamba anajinyima kwa kuogopa unene, amepungua kilo 11, na hedhi imekata. Omba apimwe presha na mapigo akiwa amelala na tena akiwa amesimama, kipimo cha umeme wa moyo, na damu kwa ajili ya potasiamu na fosfati. Majibu ya damu yakiwa safi usidanganyike, maana mwili wa kijana huficha upungufu kwa muda mrefu. Omba rufaa kwa kitengo cha afya ya akili pia. Ni ugonjwa wa akili wenye madhara ya mwili, hivyo kumpeleka sehemu moja tu hakutoshi.

Nyumbani, chukueni usimamizi wa chakula, wewe na baba yake mkiwa na kauli moja. Njia hii ilianzia London, hospitali ya Maudsley, na kwa vijana wanaoishi na wazazi ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Wewe unapakua, yeye hachagui kiasi. Milo mitatu na vitafunwa mara mbili au tatu: uji wa maziwa na karanga, chapati, ndizi, wali wenye nazi kama familia inavyokula. Mtu mzima anakaa naye mpaka sahani iishe, kisha anabaki naye kama saa nzima bila yeye kwenda chooni peke yake. Atalia, atasema mnamchukia. Usibishane naye kuhusu unene, kwa sababu hoja haishindi hofu ile. Mwambie, “Najua unaogopa. Chakula hiki ndiyo dawa yako, nami siondoki hapa.” Kisha nyamaza, subiri.

Onyo moja. Kama kwa siku tano au zaidi amekuwa hali karibu chochote, usimjazie sahani ghafla. Fosfati ya damu inaweza kuporomoka chakula kinaporudi kwa kasi, na moyo ukashindwa. Huyo alishwe chini ya uangalizi wa daktari.

Naomba jina la dawa ya kuongeza hamu ya kula kwa binti anayejikondesha. (Wengi)

Hakuna. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado watu wanaenda kununua vidonge vya kunenepesha kwa kificho na kuvisagia kwenye chai ya mtoto. Njaa anayo, anachokosa ni uwezo wa kuishinda hofu. Akigundua mmemwekea kitu, hatagusa tena chakula kilichopikwa na mkono wako.

Mwanangu anafunga Jumatatu na Alhamisi, na sasa ameongeza siku nyingine. Baba yake anafurahi. Mimi nina wasiwasi. (Mama, Tanga)

Wasiwasi wako una msingi. Tazama saa ya kufuturu. Mfungaji wa kawaida huifurahia futari. Anayejificha nyuma ya funga hunywa maji na tende moja, huchelewa makusudi mpaka wenzake wamalize, na daku haamki. Tazama pia kama funga ilianza sambamba na kujipima, mazoezi ya usiku chumbani, au chai za kupunguza mwili. Nyingi ya chai hizo zina sanamaki: zinaharisha, zinatoa maji na potasiamu, mafuta ya mwili yanabaki palepale.

Mgonjwa ana ruhusa ya kula, aya za 184 na 185 za Surat al-Baqara ziko wazi. Mwombeni sheikh mnayemwamini amweleze mwenyewe, mbele ya baba yake. Neno hilo likitoka kwako peke yako ataliona kama hila.

Wavulana nao hupata? Wangu anakula mayai na kuku tu, anataka misuli. (Baba, Nairobi)

Hupata, na huchelewa kugunduliwa kwa sababu nyumba nzima inamsifu kwa nidhamu. Mwambie apumzike mazoezi wiki moja na ale chakula cha familia. Akiingiwa na hofu au hasira isiyolingana na ombi lenyewe, mpeleke kwa daktari.

Binti yetu bado mnene. Kupungua si jambo jema kwake? (Shangazi, Dar es Salaam)

Shangazi, acha kabisa. Aliyetoka kilo 90 hadi 70 kwa kujishindisha njaa anaweza kuwa na mapigo ya chini na hedhi iliyokatika sawasawa na yule aliyebaki mifupa. Kinachoangaliwa ni amepungua kiasi gani, kwa kasi gani na kwa njia gani. Na zile salamu za sebuleni, “umenenepa”, “umekonda, umependeza”, ziondoeni mdomoni mbele ya watoto. Hazitoshi peke yake kuleta ugonjwa, lakini binti aliyeanza kujinyima akisifiwa amependeza, kesho atapunguza zaidi. Hata wewe usijisemee vibaya juu ya mwili wako akiwa anasikia.

Nimemsikia mdogo wangu akitapika baada ya kula. Ana alama juu ya vidole na mashavu yamevimba chini ya masikio. Kanisihi nisiseme. (Dada, Mombasa)

Sema leo. Alama zile ni za meno yake mwenyewe, anapojitia vidole kooni ili atapike, na uvimbe ni wa tezi za mate. Kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kusimama kwa mtu ambaye uzito wake ni wa kawaida kabisa. Usimshtaki mbele ya watu. Mwambie kwanza yeye: “Nimesikia, sijakasirika, na jioni namwambia mama. Nitakaa nawe tukimwambia.” Akitapika, asukutue kwa maji tu na asipige mswaki papo hapo, kwani asidi imelainisha meno. Akitapika damu, akilegea misuli au moyo ukienda ovyo, usingoje jioni. Mpelekeni hospitali muda huohuo.