Jina la mchele wa polo

"Naleta mchele wa Pakistan, polo za kilo 25 na 50, nauza jumla Unguja na Pemba. Nina majina matatu: Fahari ya Dhahabu Halisi, Cheju na Ngalawa. Lipi wataliamini?"

Chukua Ngalawa, ndugu yangu.

Cheju liwache kabisa. Ni bonde la mpunga hapa hapa Unguja, na kila mpishi analijua. Siku atakaposoma chini ya polo kuwa mchele umetoka Pakistan, ataona amedanganywa, hata ukiwa mzuri.

Fahari ya Dhahabu Halisi halitamkiki kwa haraka. Mnunuzi wa kilo mbili haoni polo. Anaona mchele umemwagwa kwenye beseni na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu. Muuzaji atalikata jina, huyu aseme Fahari, yule Dhahabu, na mteja wako hatokuwa na neno moja la kurudia. Tena "halisi" humfanya mtu aulize kwani ulikuwa na bandia.

Ngalawa huchoreka. Wachukuzi huita polo kwa picha yake, basi picha na jina viwe kitu kimoja. Herufi ziwe nene, rangi moja nzito, kwani mistari myembamba hukatika juu ya mfumo wa polo.

Chenga usizipe jina hilo hilo. Mwenye duka akizichanganya, lawama itarudi kwa Ngalawa.

Kabla ya kuchapisha, ulizia BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar, kama jina lina mwenyewe. Usajili wa alama ya biashara uliofanywa Bara haukulindi Zanzibar.