Nimehamishwa kazi na mkataba wa nyumba haujaisha: barua niiandikeje?

Swali: Nimepanga nyumba ya vyumba viwili Tudor, Mombasa, mkataba wa mwaka mmoja, 1 Machi 2025 hadi 28 Februari 2026. Kodi ni 32,000 kwa mwezi, na dipoziti niliweka kiasi hicho hicho. Kazini wamenihamishia Kisumu, naripoti 1 Novemba. Mkataba hausemi lolote kuhusu kuhama mapema. Nikitoa notisi ya mwezi mmoja inatosha? Na barua niiandikeje?

Jibu: Haitoshi. Notisi ya mwezi mmoja ambayo watu wengi wanaijua ni ya nyumba inayopangwa mwezi kwa mwezi. Upangaji huo, kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, hukatishwa kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, na notisi hiyo imalizike siku ya kulipa kodi. Wako una tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na mkataba wa namna hiyo hauvunjwi na upande mmoja mpaka wenyewe uwe umeruhusu. Uhamisho wa kazi nao haukufungui, kwa kuwa nyumba bado ipo na inakalika. Kilichobadilika ni mahali pako pa kazi tu. Ukihama kimyakimya, mwenye nyumba anaweza kukudai Novemba hadi Februari, miezi 4, yaani Sh128,000.

Kwa hiyo barua yako isiwe ya kumwarifu kwamba unavunja mkataba. Neno "navunja" au "nasitisha" ni kukiri kwa mkono wako kwamba umekiuka makubaliano, na ndilo atakalokuonyesha siku ya kudaiana. Andika ombi la kumrudishia nyumba kwa makubaliano, umpe sababu ya kukubali, kisha umwachie nafasi ya kutia sahihi. Akitia sahihi, mkataba umekwisha siku mliyopanga na deni la miezi iliyobaki limekufa. Asipotia, unachoshika ni karatasi yako mwenyewe.

Sababu ya kukubali ni pesa na mpangaji mwingine. Hofu yake ni nyumba kukaa tupu, nawe unaweza kuiondoa: mpe notisi ndefu kadiri uwezavyo, ruhusu wateja waje kuiona ukiwa bado ndani, halafu jitolee kulipa sehemu ya muda utakaokuwa tupu. Kwako napendekeza kodi ya Novemba, na ikome siku mpangaji mpya atakapoanza kulipa. Tuseme mpya anaanza 15 Novemba: utalipia siku 14, yaani 32,000 ugawe kwa 30, mara 14, unapata Sh14,933. Asipopatikana mwezi mzima, ni Sh32,000 na basi. Muulize mwajiri kama posho ya uhamisho inaweza kubeba gharama hiyo. Uliza kabla ya kuandika, maana jibu lake ndilo litakaloamua utoe ahadi ya kiasi gani.

Barua iwe hivi:

> 5 Septemba 2025
>
> Kwa Bw./Bi. (jina kama lilivyo kwenye mkataba)
>
> YAH: OMBI LA KURUDISHA NYUMBA NAMBA ___, TUDOR, KABLA YA MWISHO WA MKATABA
>
> Mimi ni mpangaji wako kwa mkataba wa tarehe 1 Machi 2025 unaoisha 28 Februari 2026. Mwajiri wangu amenihamishia Kisumu na natakiwa kuripoti 1 Novemba 2025. Nakala ya barua ya uhamisho nimeiambatisha.
>
> Naomba turidhiane kuumaliza mkataba tarehe 31 Oktoba 2025 kwa masharti haya: nitalipa kodi ya Septemba na Oktoba kwa wakati wake, nitaruhusu wateja kuiona nyumba Jumamosi na Jumapili, saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, nitalipa kodi ya Novemba, au sehemu yake hadi siku mpangaji mpya atakapoanza kulipa, tutakagua nyumba pamoja tarehe 31 Oktoba, na dipoziti ya Sh32,000 itarudishwa ndani ya siku 14 baada ya ukaguzi, ikiondolewa tu gharama ya uharibifu utakaoorodheshwa siku hiyo.
>
> Baada ya hapo hakuna upande utakaomdai mwingine kodi ya muda uliobaki wa mkataba.
>
> (Sahihi ya mpangaji)
>
> NIMEKUBALI MASHARTI YALIYO HAPO JUU
>
> Jina: ________ Sahihi: ________ Tarehe: ________

Sentensi ya kutodaiana ndiyo roho ya barua. Wengi huiacha wakaandika "naomba kuhama" tu, mwenye nyumba akajibu "sawa, hama", kisha akashika dipoziti kwa hoja kwamba aliruhusu kuhama, hakusamehe kodi. Kwenye nakala ya barua ya uhamisho ziba mshahara na namba yako ya kazi. Jina, kituo kipya na tarehe ya kuripoti vinatosha.

Chapisha nakala mbili. Kama mkataba ulitiwa sahihi na ajenti, mpe yeye barua na mpelekee mwenye nyumba nakala, maana ajenti wa kukusanya kodi huenda hana mamlaka ya kukusamehe miezi minne. Akiisoma akasema ataifikiria, mwombe aandike "nimepokea" na tarehe kwenye nakala yako. Hiyo ni kupokea, bado si kukubali. Mkumbushe kwa maandishi baada ya siku 7.

Akikataa kabisa, njia iliyobaki ni kumletea mpangaji wa kuchukua mkataba wako. Mkataba unaposema lazima upate idhini yake kwa jambo hilo, sheria haimruhusu kuinyima bila sababu ya maana. Mletee mtu mwenye barua ya kazi, atakayelipa kodi ile ile, na ombi hilo nalo liwe kwa maandishi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha kulipa Oktoba ukisema "ale dipoziti". Dipoziti ni dhamana ya uharibifu na madeni, si kodi ya mwezi wa mwisho, isipokuwa mwenye nyumba amekubali hivyo. Ukifanya hivyo unakuwa na deni la kodi, na Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, Sura ya 293, inampa njia ya kumtuma dalali akamate vyombo vyako. Pia umeitupa hoja yako bora, ya kwamba umelipa kila senti hadi siku ya kutoka.

Siku ya ukaguzi piga picha kila chumba, mita ya stima na mita ya maji. Kwetu Mombasa ugomvi hutokea kwenye kutu: hewa ya bahari na maji ya kisima yenye chumvi hula mifereji, bawaba na grili za madirisha hata mpangaji awe msafi vipi. Huo ni uchakavu wa kawaida, usikubali ukatwe. Mfereji uliovunjika mkono au kioo chenye ufa ni vyako. Kuhusu rangi, soma mkataba: ukisema upake upya unapotoka, tafuta fundi mwenyewe kabla ya tarehe 31, uwe na risiti yake, badala ya kukatwa kiasi atakachotaja mwingine.

Ufunguo usimwachie mlinzi getini. Kumwachia mlinzi si kukabidhi nyumba, na mwenye nyumba anaweza kusema hakujua umetoka lini. Mkabidhi yeye au ajenti, mwandike idadi ya funguo na tarehe chini ya orodha ya ukaguzi, mtie sahihi wote wawili, kila mmoja aondoke na nakala yake.