Kumsajili mama SHA kwa simu ya kitufe

"Mama yuko kijijini, simu yake ni ya kitufe, haina intaneti. Atajisajilije SHA?"

Dada, kwa bima ya afya ya SHA hapa Kenya, atatumia *147#. Kwanza andika namba ya kitambulisho chake kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa, kwa sababu menyu haingoji. Nilipomsaidia shangazi, alipoinuka kutafuta kitambulisho sandukuni menyu ilifungika, tukaanza upya. Ukikawia, uliyoyaandika hayahifadhiwi.

Apige *147#, achague usajili, akubali masharti, kisha aingize namba na majina yake kama yalivyo kwenye kitambulisho. Jina la nyumbani litakataliwa. Asubiri ujumbe mfupi wa kuthibitisha. Usipofika, asihesabu kwamba amesajiliwa.

Baada ya ujumbe huo wengi huachia njiani, na hospitalini huambiwa hawajalipa. Kama hana mshahara, lazima ajibu pia maswali ya hali ya nyumba, kwa mfano kuta, maji na choo, ndipo mchango wake upangwe. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Ziandaeni mapema.