Uwiano wa mzigo 0.768, visanduku 936 vitupu

Msimu mmoja niliandika programu ndogo ya mzani kwa chama cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Mkulima analeta matenga yake, karani anaandika namba ya kadi, programu inamtafuta na kumwongezea kilo. Kompyuta waliyokuwa nayo ilikuwa kuukuu, umeme wa kubahatisha, na mimi sikutaka kubeba hifadhidata nzima kwa ajili ya watu 768. Nikaandika jedwali la heshi kwa C, la mikono yangu mwenyewe, nikajiona nimemaliza.

Namba ya kadi ilikuwa rahisi: namba ya kijiji mara 1000, kisha ongeza namba ya mtu. Kadi 7015 ni mtu wa 15 wa kijiji cha 7. Vijiji 12, kila kimoja watu 64.

Jedwali lenyewe ni safu ya visanduku, nimeiita `meza`, na `m` ni idadi ya visanduku hivyo. Unachukua namba ya kadi, unaipitisha kwenye fomula inayokupa namba ya kisanduku, unaenda moja kwa moja pale. Watu wawili wakiangukia kisanduku kimoja, huo ni mgongano, na njia niliyochagua ni ya mnyororo: kisanduku hakibebi mtu, kinabeba kielekezi cha mtu wa kwanza, naye anamshika wa pili, wa pili anamshika wa tatu, mpaka mwisho.

```c
struct mkulima {
    uint32_t kadi;
    double kilo;
    struct mkulima *next;
};

struct mkulima *tafuta(uint32_t kadi) {
    struct mkulima *p = meza[heshi(kadi) % m];
    while (p && p->kadi != kadi)
        p = p->next;
    return p;
}
```

Mgeni unamtia kichwani mwa mnyororo kwa sababu ndiyo kazi nyepesi: anamshika aliyekuwa wa kwanza, kisanduku kinamshika yeye. Ila mtafute kwanza kabla ya kumtia. Ukimwandikisha mara mbili, yule mpya atasimama mbele ya wa zamani na kumficha, na mkulima ataambiwa kilo zake za jana hazipo. Hapo utajieleza wewe, si programu.

Sasa uwiano wa mzigo. Ni idadi ya watu gawanya kwa idadi ya visanduku, basi. Mimi niliweka visanduku 1000, kwa hiyo 768 gawanya kwa 1000 ni 0.768. Kwenye jedwali la mnyororo uwiano huu unaweza hata kuvuka 1 na mambo yakaenda, kwa kuwa mnyororo hauna kikomo cha urefu. Watu wakitawanyika ovyo ovyo kama mtama uliomwagwa, kumpata mtu aliyepo kunagharimu wastani wa hatua 1 jumlisha nusu ya uwiano. Kwangu ingekuwa 1.38, yaani karibu kila mtu unampata kwenye jaribio la kwanza au la pili. Nikaridhika.

Binti mmoja aliyekuwa kwangu kwa mafunzo ya vitendo akanitibua.

"Kaka, hivi visanduku vingapi vina watu?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba lazima ni zaidi ya nusu. Akaandika mistari mitano ya kuhesabu. Visanduku vyenye watu vilikuwa 64. Vingine 936 vitupu kabisa, na kila kimoja kati ya vile 64 kilikuwa na mnyororo wa watu 12.

Chungulia kisanduku cha 15. Wakati huo `heshi` yangu ilikuwa inarudisha kadi kama ilivyo, kwa hiyo fomula nzima ilikuwa baki la kugawanya kadi kwa 1000. Kadi 1015 inabaki 15. Kadi 2015 inabaki 15. Na 3015, na 4015, hadi 12015. Mtu wa 15 wa kila kijiji amekwenda palepale. Kugawanya kwa 1000 kulikuwa kunafuta namba ya kijiji, nusu ya habari yote iliyokuwa kwenye kadi! Badala ya hatua 1.38 nilikuwa nalipa wastani wa 6.5, na mkulima wa kijiji cha 1, aliyeingizwa mapema kwa hiyo akasukumwa mkiani, hatua 12.

Uwiano wa mzigo haukusema uongo. Ni wastani wa jedwali zima, na hauna habari na namna watu walivyokaa.

Niseme ukweli, kwa watu 768 hakuna aliyeona ucheleweshaji wowote. Mashine kuukuu hupita viungo 12 kabla hujapepesa jicho. Kilichonitisha ni kwamba kila kijiji kipya kingeongeza kiungo kimoja kwenye kila mnyororo. Chama kikifika vijiji 100, kila utafutaji ungetembea mnyororo wa 100, na hilo si jedwali la heshi tena, ni orodha iliyokatwakatwa.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa la kijinga, ingawa nimeona wengi wakilifanya: niliongeza visanduku mara mbili. Uwiano ukashuka hadi 0.384, mzuri wa kupendeza. Lakini baki la kugawanya kwa 2000 linajua tu kama kijiji ni witiri au shufwa. Minyororo ikawa ya watu 6, visanduku vyenye watu 128, wastani wa hatua 3.5. Nilikuwa nimenunua visanduku 1000 zaidi, vingi vya kukaa vitupu.

Kisha nikakumbuka ushauri ambao kila aliyesoma somo hili ameusikia: tumia namba tasa. Nikarudi chini, nikaweka 1009. Uwiano 0.761. Nikategemea muujiza, nikapata wastani wa hatua 3.37.

Hapa panahitaji kalamu. 1000 ni 1009 toa 9. Kwa hiyo kila unapopanda kijiji kimoja, watu wake wote wanasogea nyuma visanduku 9 tu. Vijiji 12 vyenye watu 64 kila kimoja vinalaliana kama vigae vya paa, na jumla yake vinafunika visanduku 163 kati ya 1009. Kisanduku cha 1001, kwa mfano, kilikuwa na watu wanane: 1001, 2010, 3019, 4028, 5037, 6046, 7055 na 8064. Kila mmoja amemzidi mwenzake 1009 kamili. Namba tasa inasaidia, lakini ikiwa jirani ya pengo la kijiji hadi kijiji kwenye kadi zako, msaada wake ni wa robo mkate. Kama nawe una namba za kadi, risiti au stakabadhi zilizopangwa kwa maelfu, usichukue tasa iliyo jirani na elfu.

Kilichotibu ni kuichanganya kadi kabla ya kuigawanya. Kuna mchanganyo maarufu wa biti 32, ule wa mwisho kwenye MurmurHash3:

```c
uint32_t heshi(uint32_t h) {
    h ^= h >> 16;
    h *= 0x85ebca6b;
    h ^= h >> 13;
    h *= 0xc2b2ae35;
    h ^= h >> 16;
    return h;
}
```

Kadi mbili tofauti haziwezi kutoka humo na jibu moja la biti 32, kwa kuwa kila hatua inaweza kurudishwa nyuma. Ukigeuza biti moja ya kadi, karibu nusu ya biti za jibu zinageuka. Kwa hiyo namba ya kijiji, iliyokuwa imejificha upande wa juu, inasambaa hadi chini ambako baki huchukuliwa. Baada ya hapo huhitaji namba tasa tena. Niliweka visanduku 1024, uwiano 0.75 kamili. Watu wakitawanyika bila mpango, hesabu inatarajia visanduku kama 484 vibaki vitupu na wastani wa hatua 1.37. Vyangu vilikaa jirani na hapo, na mnyororo mrefu haukuwa wa kutisha. Ndiyo, karibu nusu ya visanduku ni vitupu hata pale mambo yanapokwenda vizuri, usihangaike kuvijaza.

Uwiano wa mzigo unarudi kuwa na maana sasa. Ukishajua watu wametawanyika, unaweza kuutumia kuamua lini upanue. Kwa mnyororo mimi napanua ukivuka 1. Java kwenye HashMap yake huanza na visanduku 16 na hupanua uwiano ukivuka 0.75. Tofauti ya hatua ni ndogo, kwa hiyo sibishani na mtu hapo. Muhimu ni kuzidisha mara mbili na si kuongeza visanduku mia mia, la sivyo utahamisha watu wote kila baada ya wageni mia.

Na kuhamisha ni lazima uhesabu kisanduku upya kwa kila mtu, kwa kuwa idadi ya visanduku imebadilika. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima:

```c
while (p) {
    struct mkulima *next = p->next;
    uint32_t i = heshi(p->kadi) % m2;
    p->next = mpya[i];
    mpya[i] = p;
    p = next;
}
```

Mstari wa kwanza ndani ya kitanzi sikuwa nao. Mwishoni niliandika `p = p->next`, nikisahau kwamba mistari miwili juu yake nilikuwa nimeshamgeuzia `p` uso kwenye jedwali jipya. Kisanduku kipya kikiwa kitupu, kitanzi kinaisha mapema na waliobaki kwenye mnyororo wa zamani wanapotea. Kikiwa na mtu, watu wawili wanashikana mikono mduara na programu inazunguka mpaka uizime. Dalili ya pili unaiona mara moja. Ya kwanza ni ya hatari, maana kila kitu kinaendelea kwa ukimya na wakulima fulani tu wanaambiwa hawapo. Hesabu watu kwa kutembea minyororo yote kabla na baada ya kupanua, na zikipishana hata kwa mmoja, simamisha programu.

Msimu uliofuata sikutaka kupanua kabisa wakati foleni iko mzanini, zabibu zikipigwa jua kwenye matenga. Chama kilinipa makadirio ya wanachama 3000, nikaanza na visanduku 4096. Kwa vielekezi vya baiti 8 hiyo ni kilobaiti 32, ndogo kuliko picha moja ya simu. Kila asubuhi programu inaandika mstari mmoja kwenye faili: uwiano wa mzigo, urefu wa mnyororo mrefu kuliko yote, na wastani wa hatua. Yule binti ndiye aliyeuongeza, na ameweka wastani wa hatua mwanzo wa mstari.