Sijala kitu, sukari imetoka wapi? Maswali yenu ya wiki hii

Nina kisukari aina ya pili, natumia metformini na insulini ya usiku. Nimeshikwa na UTI, homa kali, siku mbili nimekunywa uji nusu kikombe tu halafu napima nakuta 16. Insulini nisichome si ndiyo? Maana sijala.

Hapana ndugu yangu, hapo ndo wengi wanaumia. Hiyo 16 haijatoka kwenye uji, imetoka kwenye ini lako mwenyewe. Ini linaweka akiba ya sukari na linaweza kutengeneza nyingine, sasa mwili ukipambana na wadudu unamwaga homoni kama kotisoli na adrenalini, hizo zinaliambia ini toa sukari, tuna vita huku, na wakati huohuo zinaifanya misuli iwe kama haiisikii insulini. Mtu asiye na kisukari kongosho lake linaongeza insulini mambo yanaisha, la kwako haliwezi. Ukiacha kuchoma, ini linabaki halina breki kabisa.

Kwa hiyo insulini endelea, pima kila baada ya saa 4 hivi, maji kunywa sana, na wapigie kliniki wakwambie kama dozi ibadilike (inaweza kupanda, ila kama vipimo vinaanza kushuka kuelekea 4 au 5 na huli, itabidi ipungue). Metformini ni tofauti: ukiwa unatapika au unaharisha huwa tunaisimamisha mpaka ule na kunywa vizuri tena, kwa sababu mwili ukikauka figo zinashindwa kuitoa. Na UTI yenyewe itibiwe, maana bila hivyo sukari utaifukuza tu. Ukianza kutapika mfululizo, kuhema haraka kwa kina, au pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva mno, usisubiri asubuhi, nenda hospitali wakupime ketoni, yaani asidi inayojaa kwenye damu insulini ikipungua sana.

Mama ana miaka 58, metformini na glibenklamaidi zinamkaa vizuri. Pumu ilimbana akapewa predinisoloni vidonge 8 kila asubuhi siku 5. Asubuhi kabla ya chai ni 6.8, jioni 17.4! Mashine mbovu?

Mashine haina shida, predinisoloni ndo ilivyo. Vidonge 8 vya miligramu 5 ni miligramu 40, na hiyo dawa ni ndugu wa kotisoli, inafanya kazi ileile niliyosema hapo juu, ila kwa nguvu. Akimeza saa 2 asubuhi, sukari inaanza kupanda mchana, kilele kinakuwa alasiri na jioni, halafu usiku nguvu inaisha na asubuhi anaamka yuko safi. Ndo maana anayepima asubuhi tu anasema predinisoloni haijamfanya kitu! Yeye apime kabla ya chakula cha mchana na kabla ya chakula cha jioni.

Sasa usimwongezee glibenklamaidi ya usiku kwa sababu umeona 17. Nimeshapokea mgonjwa aliyefanyiwa hivyo na mwanae, kwa nia njema kabisa, saa 9 usiku akakutwa jasho linamtiririka haongei, sukari 2.3. Jioni ilikuwa juu kweli, lakini predinisoloni ilikuwa inaondoka na kidonge ndo kinaingia kazini. Ikihitajika nyongeza, daktari anaielekeza asubuhi au mchana, na dozi ya predinisoloni ikiisha nyongeza nayo inaondolewa. Pumu isiachwe bila dawa kwa kuogopa sukari, siku 5 zinapita. Ila aliyekuwa anameza kwa zaidi ya wiki 3 asikate ghafla, mwili unakuwa umeacha kutengeneza kotisoli yake.

Nilichomwa sindano ya goti, wiki nzima sukari iko juu. Ni sindano?

Ikiwa ni ya steroidi, yaani dawa za ukoo wa predinisoloni, inawezekana kabisa. Inachomwa kwenye goti lakini nyingine inavuja kwenye damu, inapandisha siku kadhaa hadi wiki hivi halafu inarudi. Ikipita wiki 2 bado iko juu, au goti limevimba na lina moto, rudi, huenda kuna maambukizi humo ndani.

Tumefiwa, sijalala siku tatu, chakula ni kilekile na dawa namezea palepale, sukari imetoka 7 hadi 12. Mawazo tu?

Pole sana dada. Mawazo na kukosa usingizi vinamwaga homoni zilezile, tofauti hakuna homa. Lakini msibani chai ya sukari inazunguka kila saa na mtu hahesabu vikombe, angalia na hilo. Endelea na dozi yako, pima mara 2 kwa siku wiki hii. Ikishika 15 na zaidi vipimo viwili mfululizo, au unakojoa sana na kiu haikatiki, njoo kliniki usingoje tarehe yako, na ukija tutakukagua miguu na mkojo pia, maana kidonda kidogo cha vidoleni huwa kinasingiziwa mawazo.