Kijiko, kitunguu na neno "kifafa": jinsi ya kuzungumza na mzazi

Swali: Daktari, mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijijini. Juzi aliletwa binti wa miaka saba aliyeanguka mara ya tatu ndani ya miezi miwili, hana homa. Bibi yake alimtia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Nilipomwambia mama kuwa ni kifafa, alinyamaza, akambeba mtoto akaondoka. Nasikia wamekwenda kwa mganga. Wakirudi niseme nini?

Jibu: Dada, wakirudi usianze na jina la ugonjwa. Anza kwa kumwomba mama asimulie alichokiona, tangu mtoto alipokuwa mzima hadi alipoamka, kisha umuulize nyumbani wanaiitaje hali hiyo. Utasikia mengi: kuanguka, degedege, nyuni, mashetani. Usimkatize. Simulizi hiyo ndiyo kipimo chako kikubwa pale zahanati, na jina analolitumia litakuonyesha anachokiogopa. Aliyesema "nyuni" anawaza ndege aliyempitia mtoto. Ukimjibu kwa habari za ubongo kabla ya kumsikia, mtapishana njiani.

Kisha tenganisha mambo mawili ambayo vijijini huchanganywa. Degedege la homa humpata mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, mwili ukiwa wa moto, na wengi hawapati kifafa baadaye. Hata hivyo, kwetu kwenye malaria, mtoto mwenye homa aliyetukutika apelekwe hospitali siku hiyohiyo apimwe malaria na sukari na kuangaliwa kama ana homa ya uti wa mgongo. Wapo wanaoamini mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Wameona wakifa baada ya sindano, ila hao walichelewa kufikishwa. Binti yako ana miaka saba, hana homa, na ameanguka mara tatu siku tofauti. Hicho ni kifafa.

Sasa namna ya kulieleza. Wengi wetu tulifundishwa kusema "ni shoti ya umeme kwenye ubongo". Mimi niliacha siku baba mmoja aliponiuliza kama amshike mwanawe kwa glavu za mpira. Mtu aliyeshaambiwa tangu utotoni asimguse anayeanguka, ukimtajia umeme umempa sababu nyingine ya kusimama mbali.

Siku hizi natumia darasa. Ubongo ni kama darasa lenye watoto wengi, na kawaida kila mmoja hunena kwa zamu yake. Ghafla wote wanapiga kelele kwa pamoja. Mwalimu hasikiki, kazi inasimama: ndiyo maana mtoto hasikii ukimwita, na mwili unakakamaa na kutukutika bila yeye kutaka. Kibofu nacho hupoteza amri, akajikojolea. Baada ya dakika moja au mbili watoto wanachoka wenyewe, darasa linanyamaza, na mtoto analala fofofo. Hapo mwambie mama neno ambalo nadhani amelisubiri tangu siku ya kwanza: "Midomo iliingia weusi, ukadhani amekufa. Hakufa, alikuwa amechoka."

Jina la kifafa ulitaje sasa, baada ya maelezo. Usilifiche, maana atalisikia kwa jirani kwa sauti mbaya zaidi. Lakini liseme kama unavyosema pumu: "mtoto ana kifafa". Ukisema "yule kifafa" mbele ya mhudumu mwenzako, mama ameshasikia jina jipya la mwanawe.

Darasa hilohilo litakusaidia kwenye kitunguu. Watu hunusisha kitunguu, kiberiti kilichozimika, mafuta ya taa, hata kiatu, na wengine humwaga maji. Wanaapa kwamba vinasaidia, na hawasemi uongo. Kelele huisha zenyewe, kwa kawaida ndani ya dakika tatu. Anayekimbilia jikoni kutafuta kitunguu anarudi dakika ya pili, ananusisha, mtoto anatulia, na kitunguu kinapewa sifa. Mweleze mama hesabu hiyo, mwache aifikirie. Mara nyingi mzazi mwenyewe hukumbuka siku ambayo kitunguu hakikuwapo na mtoto akatulia vilevile.

Bibi wa kijiko usimwaibishe. Alitaka kuokoa ulimi, na huo ni upendo. Mwambie: "Bibi, ulimi haumezeki, umeshikwa chini. Anaweza kuung'ata pembeni, na jeraha hilo mara nyingi hupona lenyewe. Jino lililovunjika halirudi, na kipande chake kinaweza kuingia njia ya hewa." Kijiko, kidole, kitambaa, dawa, maji: hakuna kinachoingia mdomoni mpaka mtoto aamke kabisa na kukuitikia.

Lakini kumkataza tu hakutoshi. Mtu anayemwona mjukuu akitukutika hawezi kukaa mikono mitupu, na usipompa kazi atarudi kwenye kijiko. Kwa hiyo mpe kazi. Kwanza aangalie saa ya simu. Aondoe mawe, kuni na sufuria, au amvute mtoto mbali na moto na maji. Akunje kanga aiweke chini ya kichwa, alegeze nguo shingoni. Asimkandamize mikono na miguu, kwani inaweza kuumia na kelele hazitapungua. Mara tu inapowezekana amlaze kwa ubavu ili mate yatoke nje, kisha akae naye mpaka aamke.

Povu linahitaji maelezo yake, kwa kuwa ndilo linalounguza watoto. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wakitengewa vyombo vyao kwa kuogopwa mate yao. Woga huo haujaisha. Nimemtibu kijana aliyeangukia mafigani watu wakiwapo. Hakuna aliyemvuta kwa sababu povu lilikuwa limeshatoka. Povu ni mate ambayo mtoto hakuyameza, yakachanganyika na pumzi, na likiwa jekundu ni ulimi ulioumwa. Haliambukizi. Mbele ya mama, lifute povu kwa mkono wako siku mtoto akianguka pale zahanati. Kitendo hicho kitasimuliwa kijijini kuliko hotuba yako yote.

Saa ya bibi ina kazi yake pia. Mtukutiko ukipita dakika tano, au ukirudi kabla mtoto hajaamka, safari ya hospitali inaanza hapo hapo, na wewe ukiwa na diazepamu ya kuweka njia ya haja kubwa, mpe kwa uzito wake kabla hajapanda gari. Vivyo hivyo aende akianguka majini, akiumia kichwa, au asipopumua vizuri baada ya kutulia.

Kuhusu mganga, usimlazimishe mama kuchagua. Ukimwambia achague, atachagua yule asiyemgombeza. Mwombe jambo moja tu: vidonge vya kifafa visikatishwe ghafla, kwa sababu dawa kama fenobabitali ikiachwa hivyo kelele zinaweza kurudi mfululizo bila kukoma, na hiyo ni hatari kwa maisha.

Kabla hawajaondoka, tandika mkeka. Mlaze binti au mtoto mwingine anayecheka, umwambie bibi akuonyeshe atakachofanya. Mtazame mikono. Ikienda kwenye kanga na simu, ameelewa. Ikienda mdomoni, rudieni.